Kumwondoa Mgeni kwenye Picha ya Likizo: Anza na Kivuli Chake

Picha niliyompiga dada yangu jioni katika ufukwe wa Nungwi, Unguja, ilikuwa nzuri isipokuwa kwa bwana mmoja mwenye shati jekundu aliyesimama ukingoni mwa maji nyuma yake. Niliifungua katika programu ya kuhariri picha iitwayo Snapseed, nikachagua kifaa kinachoitwa Healing, nikampaka yule bwana kwa kidole kuanzia kichwani hadi miguuni kwa mkupuo mmoja. Alitoweka, lakini kivuli chake kirefu kilibaki mchangani bila mwenyewe, na mstari wa bahari na anga ukakatika pale kichwa chake kilipokuwa.

Kosa lilikuwa langu. Kifaa hiki hakijui kilichokuwa nyuma ya mtu. Hunakili vipande vya picha hiyohiyo na kuziba navyo pengo, kwa hiyo ukikipa eneo kubwa lenye mchanga, maji na anga kwa pamoja, huenda kikaleta mchanga mahali pa maji.

Nilibonyeza mshale wa kurudi nyuma, nikaanza upya na kivuli, kwa kuwa kilikuwa juu ya mchanga mtupu ambao ni rahisi kuzibwa. Baadaye niliondoa miguu, kisha kiwiliwili kilichokuwa mbele ya maji, kila sehemu kwa miguso mifupi inayozidi kidogo ukingo wa mtu, maana ukiacha uzi mwembamba wa shati, wekundu huo hunakiliwa na kuacha doa. Katika Healing upana wa brashi haubadilishwi. Ukitaka brashi nyembamba, unaikuza picha kwa vidole viwili.

Kichwa ndicho kilichonichosha. Niliikuza picha sana, nikafuta kwanza sehemu iliyokuwa angani, halafu iliyokuwa chini ya mstari wa bahari, na mwisho nikapitisha kidole kwa mlalo juu ya mstari wenyewe. Mara mbili ulitoka umekatika kidogo kama ngazi, nikarudi nyuma na kujaribu tena hadi ukanyooka.

Mkono wa bwana yule ulikuwa umegusana na bega la dada, na hapo kifaa kilivuta maua ya dera lake hadi baharini. Niliacha upenyo mdogo kando ya bega, nikaumalizia kwa miguso ya nukta nukta. Mtu akifichwa nusu nzima na umpendaye, ni afadhali kukata ukingo wa picha, kwani mkono au uso uliozibwa kwa kubahatisha huonekana mara moja.

Kabla ya kuhifadhi, niliirudisha picha katika ukubwa wake wa kawaida na kutafuta vitu pacha. Nilikuta ngalawa ileile imetokea mara mbili, hatua chache kutoka ilipo ya kweli, nikaifuta ile ya bandia. Hatimaye niliihifadhi kama nakala, na picha ya awali, pamoja na bwana wake, bado ninayo.