Lebo za jikoni: kimepikwa lini, mwisho wake lini?

Naandika tarehe ya kupika tu, lakini shefu mpya anataka na ya mwisho. Si ni kazi mara mbili?

Ukiandika moja tu, kila anayefungua friji anapiga hesabu yake, na hesabu hizo hazilingani. Chukua mchuzi wa nyama uliopikwa Jumatatu. Kanuni ya Chakula ya FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ambayo hoteli nyingi za kimataifa huiga, inaruhusu chakula kilicho tayari kuliwa kikae siku 7 kikihifadhiwa kwenye nyuzi joto 5 au chini yake, na siku ya kupika huhesabiwa kuwa ya kwanza. Kwa hiyo mwisho ni Jumapili. Mpishi wa zamu ya usiku anayeanza kuhesabu Jumanne atafika Jumatatu, naye atakuwa amekosea kwa siku nzima bila kujua.

Siku 7 ni kikomo cha juu. Kuna bakteria aitwaye listeria ambaye baridi ya friji haimzuii kuongezeka, inampunguzia kasi tu, ndiyo maana hata friji nzuri ina kikomo. Jiko ambalo umeme hukatika, au friji hufunguliwa kila dakika, lijiwekee siku 3: cha Jumatatu kiishe Jumatano. Aliyepika ndiye aandike zote mbili, pamoja na jina la chakula na lake mwenyewe. Jina la chakula msilidharau, maana mchuzi wa nazi na sosi nyeupe vikishaganda vinafanana.

Kuku niliyemchemsha Jumatatu nimemtia kwenye saladi Jumatano. Lebo si ni ya Jumatano?

Hapana, kaka. Saladi inafuata umri wa kitu kikongwe kuliko vyote vilivyomo. Kama jiko lenu ni la siku 3, saladi hiyo mwisho wake ni Jumatano hiyohiyo, hata kama karoti zimekatwa asubuhi na mayonezi imefunguliwa sasa hivi. Kwenye lebo andika "saladi ya kuku, kuku wa Jumatatu". Hapa ndipo majiko mengi yanapoponyokwa: mabaki yanaingia kwenye chakula kipya, yanapewa tarehe mpya, kesho yake kinachobaki kinaingia kwenye kingine. Ukifuatilia nyuma unakuta kipande cha kuku cha juma lililopita chini ya lebo ya jana.

Tukigandisha maharage kwenye friza, hesabu inaanza upya?

Inasimama tu. Maharage yaliyopikwa Jumatatu yakaingia friza Jumanne yameshatumia siku 2. Mkiyatoa baada ya wiki mbili, kwa kanuni ya siku 7 yana siku 5 zilizobaki, na kwa jiko la siku 3 yana siku moja, yaani ile mnayoyayeyushia. Lebo yake basi inabeba tarehe tatu: kupikwa, kugandishwa, kutolewa. Ya tatu ndiyo husahaulika, kwa sababu anayetoa huwa ana haraka.

Tuliandika "supu, saa 8", mimi nikaelewa mchana, mwenzangu kutoka nje akaelewa usiku. Nani yuko sahihi?

Nyote wawili, na hapo ndipo hatari ilipo. Saa 8 yako ya mchana ni 14:00. Mwenzako aliyezoea saa za kizungu anaisoma 20:00. Tofauti ya saa 6 ni kubwa kwa supu inayopoa: inatakiwa ishuke kutoka nyuzi 57 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha ifike 5 ndani ya saa 4 zinazofuata. Aliyesoma 20:00 anaweza kudhani imetoka jikoni sasa hivi, kumbe muda umeshakwisha. Andikeni kwa tarakimu nne, 14:00, jiko zima. Tarehe nayo iwe na jina la siku na la mwezi, kwa sababu 3/4 kwa Mmarekani ni Machi.

Lebo imepotea lakini mchuzi unanukia vizuri kabisa. Niuonje?

Mwaga, dada. Vijidudu vinavyoharibu harufu si lazima viwe vile vinavyoumiza tumbo, na listeria haijitangazi kwa harufu wala ladha.

Tepu hubanduka kwenye friji.

Mnaibandika juu ya unyevu au mafuta. Futa chombo kikauke, bandika kabla hakijapata baridi, na iwe ubavuni. Kifuniko kisiwekewe lebo kamwe: vifuniko hubadilishana, na maharage ya leo yakajikuta na tarehe ya samaki wa juzi. Na chombo kinapokwenda kuoshwa, tepu itolewe yote kwanza, hata ile iliyofifia.