Chai ya kupunguza tumbo

"Nakunywa chai ya kusafisha tumbo kila usiku. Nilipungua kilo 2, zimerudi. Nisipokunywa sipati choo. Nifanyeje?"

Salaam dada. Soma pakiti kwanza. Ukiona sanamaki, hiyo ni dawa inayokufanya uharishe. Inasukuma utumbo mpana, na chakula kimeshafyonzwa juu yake, kwenye utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji na chumvi, mafuta yapo palepale. Lita 1 ya maji ni kilo 1, ukinywa tu mizani inarudi.

Mimi hapa Chake Chake, Pemba, niliinywa miezi 3. Nilipoacha, siku 4 sikupata choo. Utumbo umeshazoea kusukumwa. Nikawa nakunywa siku moja, naruka moja, kisha naruka mbili, huku nala papai na kunde na kunywa maji mengi. Wiki ya 3 choo kikarudi.

Moyo ukidunda ovyo au misuli ikilegea, nenda hospitali leo leo wakupime potasiamu, moja ya chumvi za mwili zinazotoka ukiharisha.