Barua kwa mwanangu: toa leso yako kwenye kiti

"Mama, ile ya Dodoma nimesaini juzi. Sasa wale wa Dar wameniita intavyuu ya pili Alhamisi. Niwaandikie nini ili wasinione vibaya, niwaambie nimepata wapi na mshahara? Au ninyamaze tu watajua wenyewe?"

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma usiku nikaiweka simu chini, nikaichukua tena. Usinyamaze. Nilitaka nikupigie palepale ila mi nikiongea kwenye simu nasahau nusu ya maneno, kwa hiyo naandika.

We unawaza watakuonaje. Mi namwaza yule aliyeko nyuma yako kwenye foleni. Humjui, hata wewe hakujui, ila yupo, na kila siku unayokaa kimya na yeye anakaa nyumbani. Si unajua stendi watu wanavyorusha leso dirishani kushika siti ya basi afu mwenye leso haonekani mpaka gari linaondoka, na mama mwenye mtoto mgongoni kasimama njia nzima? Nimewaambia toka mko wadogo, kama hukai, toa leso yako.

Mwaka 1996, ule baba yako aliopunguzwa kazini na mdogo wako bado yuko tumboni, mi nilikuwa nimeshatoka Tabora na cheti changu cha uhazili, nikaomba kazi ya ukatibu muhtasi kwenye kampuni moja hapa Tanga. Tulifanya usaili watu kumi na moja, kupiga chapa na hati mkato, na nilijua nimefanya vizuri kwa sababu yule mzee aliyekuwa anasahihisha aliishika karatasi yangu muda mrefu. Nikasubiri. Kila siku nikitoka sokoni napitia sanduku la posta la bibi yako, wiki ya kwanza, ya pili, mwezi, hakuna kitu. Ndo nikaanza vile vitumbua, unavikumbuka, we ndo ulikuwa unabeba ndoo.

Miaka minane baadae nakutana msibani na mama mmoja aliyekuwa masijala kwenye ofisi ileile, ananiambia kwa wema kabisa, mwenzangu, si ulikuwa wa pili wewe? Wa kwanza alikuwa binti aliyekuwa kashapata kazi Morogoro na kashaanza, hakusema neno. Walimwandikia, wakamsubiri, wakamwandikia tena, mpaka hesabu za mwaka zikafungwa na ile nafasi ikafutwa. Hakupata yeye, sikupata mimi, hakupata mtu. Nilirudi kutoka msibani nikakaa jikoni sijawasha hata jiko.

Sasa hapa huwa najibishana na nafsi yangu. Labda yule binti hakuwa hata na nauli ya kwenda posta. Labda alidhani akikaa kimya ndo heshima, na hakuna aliyemwambia kwamba kuna wa pili. Nimeshamsamehe mara nyingi tu. Lakini stempu moja, mwanangu. Stempu moja.

Haya, yako. Kwanza nijibu hili, umesema umesaini, je na wao wamesaini wakakurudishia nakala yako yenye mshahara na tarehe ya kuanza? Maana kuna ofa ya simu, kuna barua ya ofa inayosema "baada ya kuhakiki vyeti", na kuna mkataba wenyewe. Kama bado hujarudishiwa, au kuna kitu wanahakiki, usijitoe Dar leo, waombe tu wakusogezee intavyuu siku mbili tatu. Ukishajitoa jina linakatwa, na kulirudisha ni kazi. Ila kama nakala unayo mkononi, waandikie leohii, usisubiri Jumatano usiku. Tena kwa vile siku zimebaki chache, mpigie yule dada wa ajira kwanza, afu imeili ifuate ili kiwepo kitu cha kuweka kwenye faili. Jibu kwenye imeili ileile aliyokualikia, usianzishe mpya, ili akifungua aone ni nafasi ipi bila kutafuta. Hata kama kwenye ule mfumo wao kuna kitufe cha kuondoa maombi, kibonyeze lakini muandikie na yeye, kitufe hakimfikii kila mtu.

Mi ningeandika hivi:

"Habari za asubuhi. Nashukuru kwa kunialika kwenye usaili wa pili wa nafasi ya Afisa Ugavi, Alhamisi hii. Nimekubali nafasi sehemu nyingine, kwa hiyo naomba kuondoa maombi yangu na sitahudhuria usaili huo. Asante wewe na wenzako kwa muda mlionipa. Nawatakia kila la heri katika kumpata mnayemhitaji."

Jina lako na namba ya simu, basi. Kama wao walikuandikia kwa Kiingereza, andika hayohayo kwa Kiingereza, usiongeze. Umepata wapi sio lazima waambiwe, na mshahara usiutaje kabisa, maana ukiutaja inaonekana unawaita waje wapande dau na we umeshasaini kwa watu.

Neno la kulishika ni "naomba kuondoa maombi yangu". Miaka ile nilipokuja kuajiriwa ofisi ya utumishi nilikuwa napokea barua za watu wanaogopa kusema, "kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wangu huenda nisiweze kufika". Tukabaki tunaulizana, tumkate au tumpangie siku nyingine? Barua inalala kwenye trei wiki nzima, na wa pili analala nayo. Wale walioandika mistari minne iliyonyooka, mchana huohuo tulikuwa tunampigia anayefuata. Na hakuna aliyewachukia, kuna kijana alijitoa kwetu hivyo akaja kuomba tena baadae, tukamwita kama mtu mwingine yeyote.

Wakikupigia kukuuliza wakiongeza hela utarudi, sema asante, nimeshasaini, usianze kuhesabu kwenye simu. Na wale uliowaandika wadhamini kwenye sivii, mwalimu wako na yule bosi wa fildi, waambie wasishangae simu ya Dar isipokuja.

Mjomba wako najua atakwambia ile ya Dar iweke akiba, kwa sababu sheria ya ajira ya 2004 inakuruhusu ndani ya mwezi wa kwanza kuondoka kwa notisi ya siku 7, kwa hiyo Dodoma pakikushinda unahama. Ni kweli siku hizo zipo. Lakini ni za kuwaagia wa Dodoma, haziwahusu wa Dar wanaokuwekea kiti Alhamisi. Nimelifikiria sana, maana na mimi nina uoga wa mama, kuna dakika nilisema moyoni mwache aende tu akawasikilize. Hapana. Unaenda kukaa mbele ya watu wanaouliza maswali na jibu unalo mfukoni.

Kuhusu hiyo kazi yenyewe uliyoichagua, Dodoma na sio Dar karibu na dada yako, hukuniuliza na sisemi. Baba yako kanikataza. Nina langu la kusema na nimelifuta mara mbili kwenye barua hii. Ukishatuma imeili nitumie meseji neno moja tu, "nimetuma", hata kama ni usiku.

Mama yako