Nikiolewa tena, watoto wanakwenda kwa nani na nani atawalisha?

SWALI: Assalaamu alaikum Sheikh. Naishi Tanga. Niliachwa miaka 2 iliyopita, nina mtoto wa kiume wa miaka 8 na wa kike wa miaka 4. Baba yao ni dereva wa malori ya Tunduma, hukaa safarini wiki mbili hata tatu. Sasa nimeposwa. Mtalaka wangu anasema siku nikiolewa atachukua watoto wote, ndivyo dini inavyosema. Tangu asikie habari ya posa, mwezi wa 5 huu, hatumi kitu, eti kama nawataka niwalishe mwenyewe. Nami nimemzuia kuwaona. Mama yangu mzazi anakaa mtaa wa pili. Nifanyeje?

JIBU: Waalaikumus salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Dada yangu, mtalaka wako ameshika nusu ya masala. Ni kweli kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi mama akiolewa na mtu baki, haki yake ya hadhana, yaani kukaa na mtoto na kumlea, husita. Dalili yake ni yule mwanamke aliyemwendea Mtume (s.a.w.) kulalamika kwamba mwanawe tumbo lake ndilo lililombeba na ziwa lake ndilo lililomnywesha, na leo baba aliyemwacha anataka kumpokonya. Akamjibu kuwa yeye ana haki zaidi naye maadamu hajaolewa. Amepokea Abu Daud.

Nusu aliyoiruka ni hii: haki ikimtoka mama, inakwenda kwa nani? Kwa mtoto ambaye hajafika umri wa kupambanua mambo, nao hukadiriwa miaka 7, haiendi kwa baba. Inakwenda kwa mama yake mama. Kwa hiyo binti yako wa miaka 4, ukiolewa na baba yake akakataa abaki nawe, mwenye haki ni bibi yake wa mtaa wa pili. Baba akiridhia, na mume mtarajiwa naye akiridhia kuishi naye nyumbani kwake, anabaki kwako.

Wanazuoni walipoeleza sababu ya hukumu hii walimtazama mtoto: mama mwenye mume mpya ana haki za mume za kutimiza, na mume huyo hana damu na mtoto. Haikuwekwa kuwa adhabu ya mwanamke kuolewa. Ndiyo maana ndoa yenyewe haitoshi kuondoa hadhana kila mahali. Binti wa Hamza alipogombewa na Ali, Zaid na Jaafar, Mtume (s.a.w.) alimpa khalati yake, yaani ndugu wa kike wa mama yake, Asmaa bint Umays, naye alikuwa mke wa Jaafar, akasema khalati yuko mahali pa mama. Amepokea Bukhari. Khalati yule alikuwa na mume, lakini mume mwenyewe alikuwa binamu wa mtoto. Hukunieleza anayekuposa ni nani kwa watoto. Kama ni ami yao, yaani ndugu wa baba yao, basi hata hilo la kusita halipo.

Mtoto wa miaka 8 ndiye mzito zaidi. Kama usingeolewa, angeulizwa achague, kama Mtume (s.a.w.) alivyomwambia kijana mmoja ashike mkono wa amtakaye, naye akashika wa mama. Ukiolewa, vitabu vyetu vinasema haki inahamia kwa baba. Lakini vitabu hivyohivyo vinasema mmoja wa wazazi akisafiri kwa shughuli, mtoto hukaa na aliye mjini mpaka msafiri arudi. Baba anayelala njiani wiki tatu atamwacha mtoto na nani? Kama ni na mke mwingine au jirani, basi anadai ulezi ambao yeye mwenyewe hataufanya. Hilo ndilo la kumuuliza mbele ya wazee, kwa upole.

Na hata pale mtoto anapochagua, hakimu mwenye akili huuliza kwa nini. Ibnul Qayyim amesimulia kutoka kwa sheikh wake, Ibn Taymiyya, kisa cha mtoto aliyemchagua baba. Mama akaomba aulizwe sababu. Mtoto akasema: mama kila siku ananipeleka chuoni na mwalimu ananipiga, baba ananiacha nicheze. Akapewa mama. Anayehukumu huku hajauliza mtoto atalala wapi na atasoma wapi, kwangu mimi hajahukumu kitu.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hapo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125, inatanguliza ustawi wa mtoto, na inachukulia kuwa aliye chini ya miaka 7 ni vyema awe na mama, isipokuwa ithibitike vinginevyo. Inaitaka pia mahakama izingatie ubaya wa kumhamishahamisha mtoto. Kuolewa kwako peke yake hakufuti hilo.

Sasa nafaka, yaani matunzo ya watoto. Hapa mtalaka wako hana hata nusu. Chakula, mavazi, malazi na matibabu ya watoto wasio na mali yao ni juu ya baba, wawe kwake, kwako au kwa bibi yao. Aya ya 233 ya Suratul Baqara imemuwajibisha baba, kisha ikakataza mzazi yeyote kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe. Kifungu cha 129 cha Sheria ya Ndoa kinasema vilevile: ni wajibu wa mwanamume kuwatunza watoto wake hata wakiwa mikononi mwa mtu mwingine, kwa kadiri ya uwezo wake. Mume mpya halazimiki kwa watoto hawa. Akiwalisha ni hisani.

Kuna jambo wengi hawalijui na linawaumiza. Nafaka ya mke ikipita muda bila kulipwa hubaki deni. Ya mtoto, katika madhehebu yetu, ikipita muda huanguka, isipokuwa kadhi awe ameikadiria au ameruhusu kukopa kwa jina la baba. Miezi hii mitano baba ana dhambi nayo, lakini kuidai kisharia ni kazi. Usingoje wa sita. Kaa uandike matumizi ya mwezi ya watoto wawili tu, usichanganye na yako. Tuseme chakula 120,000, michango ya shule na madaftari 25,000, dawa na sabuni 20,000, na sehemu yao ya kodi ya nyumba 35,000: jumla 200,000. Pesa ya safari za Tunduma inaonekana. Atapimwa kwayo, asiseme hana, nawe usimpandishie kwa hasira ya posa.

Anza na baraza la usuluhishi la BAKWATA wilayani, ukiwa na karatasi hiyo na ujumbe wa simu wa mara ya mwisho alipotuma. Baraza halina nguvu ya kumlazimisha. Akikaidi, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, kisha mahakamani, ambako amri ya matunzo ina meno.

Lakini kabla hujafungua mdomo mbele ya baraza, waruhusu watoto wamwone baba yao akirudi safari hii. Nafaka na kuonana ni haki mbili, moja hailipi nyingine, na zote ni za watoto. Fiqhi yetu inasema mvulana aliyemchagua mama hulala kwa mama, na mchana huwa na baba amfunze na amsimamie masomo. Kumzuia ni kumpa baba hoja ya kwanza atakayoitoa, na itakuwa ya kweli.

Mkikubaliana, iandikwe: mtoto wa kiume analala wapi baba akiwa njiani, anamchukua siku zipi akiwa Tanga, nafaka inatumwa tarehe ngapi na kwa namba ipi. Mume mtarajiwa atie saini naye kwamba ameridhia watoto nyumbani kwake, kabla ya akdi.

Wallahu aalam.