Kikaango cha chuma kwenye oveni: ukishapaka mafuta, yafute yote

"Wakuu, nimenunua kikaango cha chuma kizito, kile cha kusubu, upana sentimita 26. Muuzaji kaniambia nimimine mafuta ya kupikia yafunike tako lote, nikiweke kwenye oveni nyuzi 150 kwa saa tatu ili chuma kinywe mafuta kisinate tena. Nataka nifanye jioni hii. Mafuta gani yanafaa?"

Mkuu, usiwashe hiyo oveni. Kama umeshamimina mafuta, yarudishe kwenye chupa sasa hivi.

Aliyeniuzia mimi kikaango changu alinipa maelekezo hayohayo, neno kwa neno karibu. "Kishibishe mafuta." Nikakishibisha. Kilichotoka kwenye oveni kilikuwa na gundi ya rangi ya asali tako zima, imejikusanya nene zaidi kwenye kona ile ya chini ambapo tako linakutana na ukingo. Ukigusa, kidole kinanasa na alama zake zinabaki. Yai likiwekwa halitoki. Umeme wa LUKU umekwenda, mafuta yamekwenda, halafu kazi ya kukwangua ikafuata kwa steelwaya mpaka mikono ikauma. Nakasirika mpaka leo nikisikia mtu anayeishi kwa kuuza vyombo hivi anamwambia mteja chuma kinakunywa mafuta. Hakinywi. Mteja akirudi kulalamika anaambiwa kikaango kinahitaji mafuta zaidi!

Kinachotakiwa ni kitu kingine kabisa. Mafuta ya mimea yakipata joto kali pamoja na hewa, chembe zake zinaungana zenyewe kwa zenyewe na kugeuka utando mgumu uliong'ang'ania chuma. Hayo si mafuta tena, ndiyo maana hata sabuni ya vyombo haiutoi. Tabaka likiwa jembamba sana linageuka lote kwa pamoja. Likiwa nene, juu linakauka na ndani linabaki bichi, kama rangi ya mafuta iliyopakwa nzito mlangoni. Tena mafuta yakipata moto yanakuwa mepesi, yanatiririka na kujikusanya matone matone. Kila tone linakuwa doa la kunata. Kwa hiyo mafuta ya kufunika tako, hata ukiyaacha humo usiku kucha, yatakupa gundi tu.

Sasa fanya hivi. Osha kikaango kwa maji ya moto na sabuni, maana vipya vingi huja na mafuta au nta ya kuzuia kutu, labda kama kilishaandaliwa kiwandani. Kipanguse, kisha kikaushe juu ya jiko, usikiache kikauke chenyewe. Halafu kiweke kwenye oveni nyuzi 100 kwa dakika kumi hivi. Hapo unyevu wote unatoka na chuma kinapata joto la kufanya mafuta yasambae vizuri. Kitoe kwa vitambaa vizito, kwa sababu mkono wake nao ni chuma na unachoma.

Kwa kikaango cha sentimita 26, nusu kijiko cha chai inatosha ndani, nje, mkononi na chini. Ndiyo, nusu kijiko cha chai. Paka kwa kitambaa cha pamba, kipande cha fulana iliyochakaa ni kizuri kwa sababu hakiachi nyuzi. Toilet pepa isikaribie hapo, inachanika na kubaki imeganda kwenye mafuta.

Ukishapaka, chukua kitambaa kingine kikavu na ufute kana kwamba mafuta yalipakwa kwa bahati mbaya na unataka yatoke yote. Hutaweza kuyatoa yote, na hicho kidogo kinachogoma kutoka ndicho unachokihitaji. Inua kikaango dirishani ukitazame kwa ubavu. Ukiona mng'ao wa maji au mistari ya kitambaa, bado. Kinatakiwa kionekane kikavu, cheusi kisicho na mng'ao. Pita tena kwenye kona ya chini, kwenye midomo ya kumiminia, na kwenye maandishi yaliyochongwa tako la nje, maana mafuta hujificha humo. Kirudishe kwenye joto dakika tano, kitoe, ufute tena. Mara hii ya pili utashangaa kitambaa kinavyoloa, wakati ulikuwa na hakika umemaliza. Watu wengi wanaruka hatua hii, na ndiyo inayotenganisha utando na gundi.

Sasa pandisha oveni mpaka nyuzi 230. Kiweke kifudifudi kwenye wavu, na chini yake weka trei ya kudaka tone likianguka, hasa kama oveni yako ni ya gesi, maana mafuta yakiangukia moto yanawaka. Ikishafika 230, hesabu saa moja. Zima, ukiache humohumo kipoe pamoja na oveni. Usikitoe kikiwa moto ukakimwagia maji baridi, chuma cha namna hii kinapasuka. Moshi kidogo utakuwepo, fungua madirisha. Moshi ukijaa jiko zima, ujue hukufuta.

Hizo nyuzi 150 za muuzaji ni ndogo mno. Kwa joto hilo mafuta yanaiva polepole sana na unatoka na kitu cha kahawia kinachonata, hata kama umefuta vizuri. Oveni yako ikiishia 220 si neno, ongeza nusu saa. Kupita 260 hakuna faida.

Tabaka la kwanza litatoka na rangi ya kahawia, tena ya mabaka. Usihangaike na rangi, na usijaribu kuifukuza kwa kuongeza mafuta. Rudia vilevile mara tatu au nne, na kila mara kufuta ni kulekule. Si lazima iwe siku moja. Ukioka keki leo, ingiza kikaango baada ya keki, umeme wa kupasha oveni umeshalipia.

Mafuta ya alizeti ya kawaida yanatosha, hayo ya Singida hayana shida yakiwa yamesafishwa. Nazi na samli ziache kwa kupikia, mafuta yake mengi ni ya aina isiyoungana na kukauka. Ya kitani yanasifiwa sana, yanatoa utando mgumu mweusi wa kupendeza, lakini mara nyingi baada ya muda unabanduka magamba.

Na yeyote anayesoma hapa ambaye kikaango chake kimeshanata: usiongeze mafuta. Kama kunata ni kidogo, kirudishe kikavu kifudifudi, nyuzi 230, saa moja. Kikipoa, pitisha kiganja. Kikiteleza, endelea na matabaka yako. Kikiendelea kunasa, au ukiona matone yameganda kwenye kona, hakuna dawa ya oveni hapo. Chukua steelwaya, maji ya moto na sabuni, kwangua doa mpaka usisikie kilima kwa kidole, kausha jikoni, kisha anza upya na nusu kijiko chako cha chai.