Anayepatikana siku zote ndiye anayebebeshwa mzigo

Nilianza kupanga zamu za mkahawa nikiwa bado mhudumu, kwa sababu tu mwenye mkahawa alichoka, nami nilikuwa na mwandiko mzuri. Miezi ya kwanza nilifanya kama wengi wafanyavyo: naanza Jumanne mchana, najaza jina linalonijia, nateremka mpaka Jumapili. Nikifika mwisho wa juma majina yamekwisha, na kila pengo nalijaza kwa mtu yule yule, dada mmoja aliyesema tangu siku ya kwanza kwamba yeye hana siku anayoshindwa. Baada ya miezi miwili akaja kuniambia, bila hasira, kwamba kuanzia juma lijalo Jumamosi naye hapatikani. Hakuwa na sababu yoyote. Alikuwa amejifunza kwamba kwangu mwenye sababu hupumzika na asiye nayo hufanya kazi.

Kosa lilikuwa mahali nilipoanzia. Ratiba haipangwi kwa mfuatano wa siku. Huanzia kwenye zamu yenye watu wachache wanaoiweza, na zamu hiyo mara nyingi siyo ile unayoidhania.

Nieleze kwa juma la kweli. Tulifunga Jumatatu. Jumanne, Jumatano na Alhamisi tulihitaji mhudumu mmoja mchana na wawili jioni. Ijumaa mmoja mchana na watatu jioni, Jumamosi wawili mchana na watatu jioni, Jumapili mchana tu, watatu. Jumla zamu 21, na hakuna mtu anayefanya mbili kwa siku moja.

Bila mimi, wahudumu walikuwa watano. Mwanafunzi hawezi mchana Jumanne hadi Ijumaa, na Jumatano ana kipindi cha jioni. Mama wa watoto wadogo anaweza mchana tu, na Jumapili haji kabisa. Kijana mwenye kazi nyingine huwa huru Alhamisi na Ijumaa jioni, kisha Jumamosi na Jumapili zote. Wa nne siku yake ya ibada ni Jumamosi. Wa tano ni yule dada, ambaye kwa kweli angeweza siku zote, hata Jumamosi.

Kabla ya kuandika jina lolote, hesabu. Kwa kila siku, zamu zinataka watu wangapi, na wangapi wanaweza kuja? Jumamosi inataka watano, waliopo ni wanne. Hapo hakuna ujanja wa kupanga utakaosaidia, na mimi nilikuwa nimepoteza saa nzima kila juma nikihamisha majina huku na huku. Ilibidi tuongeze mtu wa sita, wa Jumamosi na Jumapili tu. Mwenye mkahawa alikataa kwanza, akakubali nilipomwonyesha hesabu hiyo kwenye kipande cha karatasi. Maneno matupu hayakuwa yamemgusa.

Sasa rudia hesabu, safari hii zamu kwa zamu. Wote tulidhani kisiki ni Jumamosi usiku. Kumbe ni Jumatano jioni: mwanafunzi yuko darasani, kijana yuko kazini kwake, mama hafanyi jioni, na wa sita si siku yake. Wanabaki wawili tu, wa ibada na dada, na zamu inataka wawili. Hiyo inaandikwa kwanza kwa sababu haina mjadala. Na kwa kuwa wote wawili watakuwa wamefunga mkahawa usiku ule, Alhamisi mchana ni ya mama, ili asiwepo mtu anayelala saa chache na kurudi kufungua. Jumatano na Ijumaa mchana nazo nikampa mama, na Jumamosi mchana pia, akiwa na mtu wa sita. Dada akapata Jumanne mchana.

Zilizobaki ziliingia kwa urahisi. Jumanne jioni mwanafunzi na wa ibada. Alhamisi jioni kijana na dada. Ijumaa jioni mwanafunzi, kijana na wa ibada. Jumamosi jioni mwanafunzi, kijana na dada. Jumapili wa ibada, wa sita na kijana. Mwanafunzi alipata zamu tatu, wa sita mbili, wengine nne nne. Angalia kwamba dada hakuguswa Ijumaa jioni wala Jumapili. Kwa namna nilivyokuwa nikipanga zamani, zote mbili zingekuwa zake.

Kuna ubaya mmoja ambao ratiba hii haiwezi kuuondoa. Jumapili inataka watatu, na wanaoweza kuja bila kuwa wamefunga Jumamosi usiku ni wawili tu: wa ibada na yule aliyefanya Jumamosi mchana pamoja na mama. Kwa hiyo kila juma mmoja wa waliofunga lazima arudi asubuhi. Tulifanya mambo mawili. Kwanza, huyo anachelewa kuingia. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka saa 11 za mapumziko mfululizo kila siku, nami niliona ni kipimo kizuri hata pasipo na sheria hiyo: ukifunga saa 6 usiku, unaingia saa 5 asubuhi, na wawili wengine wanafungua bila wewe. Pili, mtu huyo hubadilika kila juma, na wa sita naye huchukua Jumamosi jioni kwa zamu, ili mmoja wa wale watatu apate mchana.

Hapo ndipo utakapohitaji daftari. Haki ya zamu haionekani katika juma moja, inaonekana katika manne au sita. Mimi niliandika vitu vitatu tu mbele ya kila jina: Jumamosi usiku, Jumatano jioni na Jumapili ya kurudi. Hivyo vitatu sikuvichagua mimi, niliwauliza wenyewe. Ningeamua peke yangu ningeweka Ijumaa jioni, kumbe Ijumaa waliigombea kwa sababu ya bakshishi, na Jumatano waliichukia kwa sababu meza zilikuwa tupu. Wa ibada na dada, kwa kuwa Jumatano ni yao daima, walichagua kwanza kama watafanya Ijumaa au la.

Kuhusu siku za kutopatikana, tenganisha "siwezi" na "nisingependa". Nilikuwa na karatasi yenye safu hizo mbili, inayorudishwa kila Jumatano kwa ratiba itakayoanza Jumanne ya pili yake. "Siwezi" niliiheshimu bila kuuliza sababu, maana ukianza kuuliza unakuwa hakimu wa msiba wa nani ni mkubwa. Lakini kila "siwezi" mpya iliingia kwenye hesabu mbele ya wote, na kama iliishusha zamu chini ya idadi inayotakiwa, tulikaa pamoja kuitafutia mtu kabla sijaandika chochote. "Nisingependa" nilijitahidi kuifuata, na nilipoivunja niliiandika daftarini ili juma lililofuata isimwangukie mtu yule yule.

Na wakibadilishana zamu wenyewe, waache, mradi wakujulishe kabla ya siku yenyewe. Alama ya daftari inakwenda kwa aliyefanya kazi, si kwa aliyeandikwa. Mwanzoni nilisahau hilo, na mwanafunzi akamaliza mwezi akionekana amefunga Jumamosi tatu, huku mbili kati ya hizo amefungiwa na dada.