Shikamoo haiingii kwenye "Yah:"

"Mama, nikimwandikia Mkurugenzi wa Halmashauri kuomba kibali cha ujenzi, nianze na shikamoo? Nasikia ni mtu mzima kuliko baba."

Mwanangu,

Kabla ya salamu, tazama kitenzi chako. Umeniletea rasimu inayosema "Nataka mnipe kibali." Hata ungeitanguliza na shikamoo tatu, hiyo bado ni amri. Andika hivi: "Naomba kupatiwa kibali cha ujenzi wa nyumba ya kuishi katika kiwanja Na. 14, Kitalu C." Ukisema "kupatiwa", humnyooshei mtu kidole, kwa sababu anayetoa kibali ni ofisi, na Mkurugenzi anaweza kuhamishwa kesho. Kwa babu yako mambo hugeuka: "Naomba unisaidie, babu." Yeye anataka aonekane kwamba ni yeye anayetoa. Rafiki yako mwandikie "niazime" tu. Ukimwambia "naomba kuazimwa" atadhani mmegombana.

Heshima iko kwenye kitenzi, nimekwambia siku zote.

Baba yako mdogo alinisikia, ila haikumsaidia. Unakumbuka alivyomwandikia babu barua ya mbegu? Juu kaweka anwani mbili, halafu "YAH: OMBI LA MBEGU ZA MAHINDI" kwa herufi kubwa na mstari chini yake, na mwisho "Wako mtiifu". Kitenzi kilikuwa safi, "naomba". Babu akaisoma mara mbili, akauliza, "Nimekuwa ofisi lini?" Mbegu hazikutoka. Nacheka, lakini iliniuma, maana kitenzi chake hakikuwa na kosa. Mzee alitaka shikamoo kwanza, kisha habari za nyumbani na za watoto, na shida ije mwishoni kama iliyokumbukwa njiani.

Na ofisini nako kitenzi kinanisuta. Barua nyingi hufungua na "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Husika! Ni amri kavu, ila imezoeleka hata hakuna anayeisikia. Basi tuseme heshima iko kwenye kitenzi, isipokuwa mahali ambapo mazoea yametangulia.

Kwa hiyo anwani yako na tarehe ziweke juu kulia. Kushoto andika cheo, "Mkurugenzi Mtendaji", bila jina lake. Chini yake weka "K.K. Afisa Mtendaji wa Mtaa", yaani barua inapitia kwake, na umpelekee huyo kwanza aandike maoni yake, asaini na kugonga muhuri. Ukimruka, masjala wanaweza kukurudishia. "Ndugu" inatosha. "Mheshimiwa" mwachie diwani na mbunge. Kisha "YAH:", ombi lako kwa aya mbili, saini, jina kamili na namba ya simu.

Kuhusu shikamoo sitaki kukuamulia, ni barua yako. Lakini mimi nisingeiandika. Ukimkuta Mkurugenzi ukumbini, mwamkie kwa mdomo, tena uwe wa kwanza.

Mama yako